Ilani ya Faragha na Maneno ya Vidakuzi kwa Kiitaliano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Maduka Madogo ya Mtandaoni

Nafasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiitaliano, na kazi nyingi ninazoletewa ni za maduka madogo ya pwani: mikoba ya ukili, viungo, kanga, sabuni za mwani. Maswali yaliyo hapa, kuhusu ilani ya faragha na vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari cha mgeni, ndiyo yanayojirudia. Mifano mingi nimeitoa katika kazi moja, ya dada mmoja wa Unguja anayeuza mikoba na viungo kwa wateja wa Italia. Yeye ameridhia maneno yake yatumike bila jina la duka.

## Mambo ya kwanza

Duka langu liko Zanzibar. Sheria ya Ulaya inanihusu nini?

Inakuhusu kama unawalenga watu walioko Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/679, ambayo Waitaliano huiandika GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kifungu chake cha 3 kinamgusa hata mfanyabiashara asiye na ofisi Ulaya, almuradi anawauzia watu waliopo huko. Mtaliano kuiona tovuti yako kwa bahati si kulengwa. Lakini ukiweka bei kwa yuro na ukurasa wa kuagiza kwa Kiitaliano, umekwisha kuonyesha nia. Kwa hiyo siku unayonilipa nikufasirie duka zima ndiyo siku hiyo hiyo unayojiingiza ndani ya sheria hiyo, na ilani haiwezi kungoja.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaendelea kukuhusu vilevile. Ya Ulaya haiiondoi.

Kwa nini nisichukue tu ilani ya duka la Kiitaliano nikabadilisha jina?

Kwa sababu ilani ni maelezo ya unachokifanya wewe. Yule dada alikuwa tayari ameazima ilani ya duka la Kiitaliano kabla hajaja kwangu. Ndani yake ilisemwa kwamba ankara zinatunzwa miaka 10 kwa mujibu wa kifungu cha 2220 cha sheria ya madai ya Italia. Yeye hana kampuni Italia, hesabu zake ziko Unguja, na kifungu hicho hakimhusu. Ilisemwa pia kuwa kuna mtu maalumu wa ulinzi wa data anayeweza kuandikiwa, na mtu huyo hayupo. Mteja akiandika kwa anwani ile, barua inakwenda kwa duka la watu wengine.

Ndiyo maana huwa naomba kwanza maandishi ya Kiswahili, hata yakiwa mafupi na ya kienyeji. Mwenye duka akiandika kwa lugha yake huandika anachokijua. Kiitaliano kinafuata hapo.

Je, tafsiri lazima iapiwe mahakamani?

Hapana. Tafsiri ya kiapo, ambayo Waitaliano huiita *asseverazione*, ni ya hati kama vyeti vya kuzaliwa na hukumu. Ilani ya tovuti inatakiwa iwe sahihi na ieleweke. Kifungu cha 12 cha GDPR kinadai maelezo mafupi, ya wazi, yanayofikika kwa urahisi, kwa lugha nyepesi.

## Maneno yanayopotosha

Ni neno gani la Kiswahili linaloleta makosa mengi zaidi?

"Taarifa." Sheria yetu inasema "taarifa binafsi", nasi tunasema "taarifa ya faragha", na pia "tutakupa taarifa". Kwa Kiitaliano hayo ni maneno matatu tofauti. Tazama sentensi hii ya yule dada, ambayo kwa Kiswahili haina taabu yoyote:

```
Taarifa hii inaeleza taarifa tunazokusanya
na namna tutakavyokupa taarifa zikibadilika.
```

Mfasiri wa haraka ataandika *informazioni* mara tatu, na Mtaliano atabaki anajiuliza kinachobadilika ni kipi. Ya kwanza ni hati yenyewe, *informativa*. Ya pili ni data za mtu, *dati personali*. Ya tatu ni kitendo cha kumjulisha, *avvisare* au *informare*. Na hapo hapo Kiswahili chenyewe kina utata: "zikibadilika" ni taarifa za mteja au ni maelezo ya hati? Nilimpigia simu nikamuuliza. Akasema alikusudia hati. Basi tukarekebisha Kiswahili kwanza, "ilani hii ikibadilika", halafu nikaandika:

```
La presente informativa spiega quali dati personali
raccogliamo e come ti avviseremo se l'informativa cambia.
```

Utaratibu huo wa kurudi kwenye Kiswahili ndio ninaouita uaminifu. Kutengeneza kimyakimya ndani ya Kiitaliano kunakuachia hati mbili zinazosema mambo mawili, nawe unaielewa moja tu.

"Mkusanyaji" na "mchakataji" wa taarifa wanaitwaje?

Katika sheria ya Tanzania, mkusanyaji ndiye anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba yake. Kwa Kiitaliano mkusanyaji ni *titolare del trattamento*, na mchakataji ni *responsabile del trattamento*.

Mtego uko kwenye neno la pili. *Responsabile* katika Kiitaliano cha kila siku ni mwenye kuwajibika, mkuu wa shughuli. Mwenye duka anayejua Kiitaliano cha hotelini huona neno hilo akasema, "Huyo ni mimi." Akijiita *responsabile* amejigeuza mtumishi wa duka lake mwenyewe, na hati inabaki bila mwenyewe. Wewe ni *titolare*. Kampuni inayokuhifadhia tovuti kwenye seva zake, au inayokutumia barua za habari kwa wateja, ndiyo *responsabile*. Kufasiri "mkusanyaji" kwa neno *raccoglitore* ni kosa jingine: kwa Kiitaliano hilo ni jalada la kufungia karatasi.

Mteja mwenyewe, "mhusika wa taarifa", ni *interessato*. "Kuchakata" ni *trattare*, wala si *elaborare*, maana hata kuhifadhi na kufuta ni *trattamento*.

"Sera ya faragha" si inafasiriwa kama *politica*?

Wengi huandika hivyo, lakini jina linalozoeleka na linaloendana na sheria yao ni *Informativa sulla privacy*. Na angalia usiache kichwa cha Kiswahili juu ya ukurasa wa Kiitaliano: *sera* kwao ni jioni, na msomaji atasita pale pale mlangoni.

Maneno mengine mawili nayapitia haraka. "Malalamiko" kwa mamlaka ni *reclamo*, kwa kuwa *lamentela* ni manung'uniko tu. "Ridhaa" ni *consenso*, na kuiondoa ni *revocare il consenso*.

Nimwite mteja *tu* au *Lei*?

Kiswahili hakikulazimishi kuchagua: "una haki" inamtosha kijana na mzee. Kiitaliano kinalazimisha. Kwa duka dogo lenye sauti ya mtu anayezungumza na mgeni wake, natumia *tu*. *Lei* nayo haina kosa. Kinachokera ni kuchanganya, ilani imwite *Lei* na bango la vidakuzi limwite *tu*. Hapo mteja anajua kabisa kwamba maneno yameokotwa sehemu mbili.

## Ndani ya ilani

Ni mambo gani lazima yawemo?

Kifungu cha 13 ndicho kinachoorodhesha. Kwa duka dogo yanakuja kuwa haya: wewe ni nani na unapatikana wapi, kila data unaitaka kwa lengo gani na kwa msingi gani wa sheria, nani mwingine anazipata, zinakwenda nchi gani, zinakaa muda gani, mteja ana haki zipi, pamoja na ya kuondoa ridhaa na ya kupeleka malalamiko, na kama asipotoa data fulani itakuwaje.

Wenye maduka hukwama kwenye msingi wa sheria, *base giuridica*. Kwa Kiswahili huandika "tunatumia taarifa zako kwa ridhaa yako" kwa kila kitu. Anwani ya kupelekea mkoba haihitaji ridhaa. Inahitajika ili mauziano yatimie, na msingi wake ni *esecuzione del contratto*. Kutunza risiti za kodi ni *obbligo legale*. Ridhaa ni ya barua za habari na vidakuzi vya matangazo. Tofauti hii ina matokeo, kwa sababu aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote, nawe huwezi kumwahidi mtu kwamba ataondoa anwani yake huku kifurushi kiko njiani.

"Sisi" haitoshi?

Haitoshi. Ilani ya yule dada ilianza, "Sisi wa duka tunaheshimu faragha yako." Sisi nani? Biashara yake haijasajiliwa kama kampuni, imesajiliwa kwa jina la biashara chini ya jina lake. Kwa hiyo *titolare* ni yeye mwenyewe kwa jina lake kamili, kisha jina la biashara, anwani ya mtaa na baruapepe. Sanduku la posta peke yake halimsaidii mteja wa Torino.

Naweza kuandika "tunatunza taarifa kwa muda unaohitajika"?

Naweza kuifasiri kwa uaminifu kabisa, *per il tempo necessario*, na itakuwa tafsiri sahihi ya sentensi isiyosema kitu. Kanuni inataka muda, au walau kigezo cha kuupima. Kwa hiyo narudi kwako na swali: maagizo ya mwaka juzi yako wapi sasa?

Yule dada aliponijibu, alisema anwani za wateja ziko pia kwenye simu yake, katika mazungumzo ya kupanga usafirishaji, na hajawahi kufuta hata moja. Tulikaa tukaamua mambo mawili: mazungumzo anayafuta miezi 6 baada ya mzigo kufika, na kumbukumbu za mauzo anazitunza kwa muda unaotakiwa na sheria ya kodi ya Tanzania, ambao aliuthibitisha kwa mhasibu wake na kuuandika kwa tarakimu. Ndipo Kiitaliano kikaandikika:

```
Cancelliamo i messaggi relativi alla spedizione
6 mesi dopo la consegna.
```

Ukiandika miezi 6, basi mwezi wa saba uwe umefuta kweli. Mfasiri hawezi kukuona, lakini mteja anaweza kukuuliza, nawe una mwezi mmoja wa kumjibu.

Vipi kuhusu "tunaweza kushiriki taarifa zako na washirika wetu"?

Sentensi hii ina maradhi mawili. "Tunaweza" kwa Kiitaliano inakuwa *potremmo*, na miongozo ya Ulaya kuhusu uwazi inayakataa hasa maneno ya namna hiyo: unafanya au hufanyi? Na "washirika" ni nani? Kwa duka la mikoba, jibu huwa ni watu wachache wanaotajika: kampuni ya usafirishaji, forodha, kampuni ya malipo, mwenye seva. Taja aina zao, na ukiweza, majina.

Yule dada alikuwa na mmoja aliyesahauliwa, binamu yake wa Milano anayepokea mzigo wa jumla na kugawa vifurushi. Binamu anapata majina, anwani na simu za wateja. Kwa lugha ya familia ni msaada. Kwa ilani ni *destinatario*, na inabidi aonekane.

Binamu huyo hawezi kuwa mwakilishi wangu Ulaya?

Mwakilishi, *rappresentante nell'Unione*, ni jambo la kifungu cha 27: mfanyabiashara wa nje humteua kwa maandishi, ili wateja na mamlaka wawe na mtu wa kumfuata. Kuna msamaha kwa shughuli za hapa na pale zisizogusa data nyeti kwa wingi na zisizoelekea kuwaletea watu hatari. Duka linalouza Italia kila wiki ni vigumu kudai kwamba linauza hapa na pale. Kumteua binamu kunawezekana, lakini ni kazi ya kisheria anayotakiwa kuijua na kuikubali. Hilo muulize mwanasheria. Mimi sitaliandika jina la mtu hapo mpaka nione barua ya uteuzi.

Saa za mawasiliano zinafasiriwa vipi?

Kwa uangalifu kuliko watu wanavyodhani. "Tupigie saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni" nimeiona ikiwa *dalle 3 alle 11*. Sahihi ni 9:00 hadi 17:00, na hiyo ni saa ya Unguja. Italia iko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto. Basi naandika hivi:

```
Dalle 9:00 alle 17:00, ora dell'Africa orientale
```

## Vidakuzi

Vidakuzi vinaitwaje, na lazima niweke bango?

Kwa Kiitaliano ni *cookie*, na wingi wake unabaki *i cookie* bila herufi ya ziada mwishoni. Mamlaka yao ya ulinzi wa data, *Garante per la protezione dei dati personali*, ilitoa miongozo ya vidakuzi tarehe 10 Juni 2021, na tovuti zilitakiwa kuifuata kuanzia Januari 2022. Inavigawa makundi mawili makubwa: *tecnici*, vya kuendesha tovuti, na *di profilazione*, vya kumfuatilia mtu ili aonyeshwe matangazo yanayomlenga.

Kama una vya kiufundi peke yake, bango la kuomba ridhaa halihitajiki. Unavieleza ndani ya ilani. Vidakuzi vya takwimu vinaweza kuhesabiwa pamoja na vya kiufundi, lakini kwa masharti: takwimu ziwe za jumla, za tovuti yako tu, na kama zinakusanywa na kampuni nyingine, angalau sehemu ya nne, yaani ya mwisho, ya anwani ya IP ya mgeni ifichwe.

Nitajuaje nina vidakuzi gani?

Usimuulize aliyekutengenezea tovuti, tazama mwenyewe. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda `Application`, kisha `Cookies`. Usiguse bango. Tia mkoba mmoja kikapuni, usome majina.

Kwa yule dada, anayetumia WooCommerce, tulikuta hivi:

```
woocommerce_items_in_cart
woocommerce_cart_hash
_fbp
```

Viwili vya juu ni vya kikapu, na mahali pake ni *tecnici*. Cha tatu ni cha matangazo ya Facebook, nacho kilikuwa kimekwisha kukaa kabla mtu hajakubali lolote. Maneno yake ya Kiswahili yalisema, "Ukikubali, tutatumia vidakuzi vya matangazo." Tafsiri ingekuwa sahihi na ukurasa ungekuwa wa uongo. Fundi alirekebisha mpangilio, tukarudia jaribio, `_fbp` ikawa inatokea baada ya kubonyeza tu. Hapo ndipo nilipoikabidhi kazi.

Bango liseme nini?

Haya ndiyo maneno tuliyofikia. Kwanza Kiswahili:

```
Tovuti hii inatumia vidakuzi vya lazima ili kikapu
kifanye kazi. Ukikubali, tutatumia pia vidakuzi vya
kampuni nyingine vya kukuonyesha matangazo yanayokulenga.
Ukifunga kwa X, vitabaki vya lazima peke yake.
```

Kisha Kiitaliano:

```
Questo sito utilizza cookie tecnici, necessari per far
funzionare il carrello. Con il tuo consenso utilizziamo
anche cookie di profilazione di terze parti, per mostrarti
annunci mirati. Se chiudi il banner con la X, restano
attivi solo i cookie tecnici.
```

Chini yake kuna kiungo cha ilani kamili na vitufe `Accetta tutti`, `Rifiuta tutti` na `Personalizza`. X inakaa juu kulia. Miongozo inataka mteja aweze kufunga bila kukubali, na vitufe visishindane kwa ukubwa wala rangi. Hapa tafsiri inagusa usanifu: "Kubali" na "Kataa" zinatoshana kwa urefu, lakini ukiandika *Accetta* upande mmoja na *Continua senza accettare* upande wa pili, kitufe kimoja kinavimba na fundi hupunguza herufi zake. Chagua maneno yanayolingana mapema.

"Ukiendelea kutumia tovuti umekubali" imekatazwa?

Ndiyo, iondoe pande zote mbili. Kushusha ukurasa chini hakuhesabiki kuwa ridhaa, na kisanduku kilichotiwa alama tangu mwanzo kilikataliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2019, katika shauri C-673/17. Aliyekataa pia asisumbuliwe kwa bango kila anaporudi. Kwa kawaida unangoja walau miezi 6. Ila aweze kubadilisha mawazo mwenyewe, kwa kiungo kilicho chini ya kila ukurasa.

Jedwali la vidakuzi nalo linafasiriwa?

Majina hayaguswi, lengo na muda vinafasiriwa. Angalia "kikao": *cookie di sessione* ni sahihi. Nimekuta *riunione*, kana kwamba kidakuzi kinasubiri mkutano ufungwe.

## Yanayotatanisha

Kwenye ukurasa wa malipo niweke kisanduku cha "Nimesoma na ninakubali ilani"?

*Ho letto e accetto* ni maneno ya masharti ya mauzo. Ilani hujulishwa, haikubaliwi. Andika *Ho letto l'informativa sulla privacy*, au weka kiungo tu. Ridhaa ya barua za habari iwe na kisanduku chake, kitupu, na mteja aweze kununua hata asipokitia alama.

Naweza kuandika kwamba zikitofautiana, ya Kiswahili ndiyo yenye nguvu?

Nikiombwa, nafasiri, lakini nakushauri uiondoe. Mteja wa Italia alisoma *6 mesi*. Huwezi kumwambia kwamba ukweli umo katika lugha asiyoijua. Namna ya kujilinda ni kuweka tarehe ile ile kwenye hati zote mbili, *Ultimo aggiornamento*, na kutogusa moja bila nyingine. Kilichobadilika nitumie kwa Kiswahili, hata ikiwa ni mstari mmoja.

Malalamiko yaende Tume yetu au kwao?

Mteja aliyeko Italia anaweza kwenda kwa *Garante*, na ilani ya Kiitaliano lazima imwambie hivyo. Kama Kiswahili chako kinataja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania pekee, siibadilishi kwa siri kuwa *Garante*. Naiacha Tume, nakuomba uongeze sentensi ya pili kwa Kiswahili, kisha nafasiri zote mbili.

Watoto?

Italia umri wa mtoto kutoa ridhaa mwenyewe kwa huduma za mtandaoni ni miaka 14. Ilani zilizoazimwa nchi nyingine huwa na 16. Kama Kiswahili chako kina 16, nitakuuliza umeitoa wapi kabla sijaiandika.